Kutoa jina la diko ndani ya mabano kwa SEARCH na MID

Orodha za samaki ninazoletewa hapa Tanga kuandaa hesabu za mwezi huwa na kila kitu kwenye seli moja: aina ya samaki, jina la diko waliposhushwa kwenye mabano, halafu kilo. Mwenye mali anataka kujua Kigombe imeleta kilo ngapi na Sahare ngapi, lakini kwa orodha ya namna hii Excel haiwezi kumjibu. Kwanza jina la diko litolewe mle kwenye mabano, likae kwenye safu yake.

Chukua seli A2 yenye maneno haya:

```
Changu (Kigombe) 14
```

MID hukata kipande cha maandishi, ila lazima uiambie mambo matatu: ikate kwenye seli gani, ianzie herufi ya ngapi, na ichukue herufi ngapi. Kwa seli hii moja ungeweza kuhesabu kwa kidole. Lakini mstari unaofuata ni kibua, mwingine nguru, na majina ya samaki hayalingani urefu, kwa hiyo mabano hayakai mahali pamoja. Hapo ndipo SEARCH inapohitajika. Kazi yake ni kutaja tu kitu ulichoiambia itafute kipo nafasi ya ngapi. Nafasi tupu nayo inahesabiwa kama herufi.

Mimi huvunja kazi hii kwenye safu tatu, ingawa najua wapo wanaopenda kuibana yote kwenye fomula moja. Fomula ndefu inapendeza kuitazama, lakini ikigoma hujui imegomea wapi. B2 naweka bano la kufungua, C2 la kufunga, D2 ndiyo inayokata:

```
B2: =SEARCH("(",A2)
C2: =SEARCH(")",A2,B2)
D2: =MID(A2,B2+1,C2-B2-1)
```

B2 italeta 8, kwa sababu "Changu" ni herufi sita, nafasi tupu ni ya saba, na bano ni la nane. C2 italeta 16. Sasa tazama D2. Tukianzia 8 tutabeba na bano lenyewe, ndiyo maana tunaongeza moja tuanzie 9, kwenye K. Urefu nao: 16 toa 8 ni 8, lakini ndani ya hizo nane bano la kufunga limo. Tunatoa moja, zinabaki saba, na Kigombe ina herufi saba. Ukisahau ile -1 ya mwisho utapata "Kigombe)" yenye mkia, na hiyo ndiyo dalili ya kukujulisha ulipokosea. Ukisahau +1, utapata "(Kigomb".

Kama kompyuta yako imepangwa kutumia mkato kwenye desimali, Excel itaikataa fomula yenye mikato. Weka nukta mkato kati ya vipengele badala yake.

Sasa ile B2 iliyo mwishoni mwa fomula ya C2. Wengi huiacha, na kwa changu wa Kigombe jibu halibadiliki. Lakini kuna karani anayepanga orodha yake kwa namba, hivi:

```
1) Dagaa (Sahare) 60
```

Hapa bano la kufunga la kwanza liko nafasi ya 2, pale kwenye "1)", na bano la kufungua liko nafasi ya 10. Bila ile B2, hesabu ya urefu inakuwa 2 toa 10 toa 1, yaani -9. MID haiwezi kuchukua herufi hasi tisa, itakurudishia #VALUE!. Kipengele cha tatu cha SEARCH kinaiambia ianze kutafuta kuanzia nafasi fulani na kuendelea. Ukiipa B2, italiruka lile bano la "1)" na kulipata la nafasi ya 17. Namba inayorudi bado inahesabiwa toka mwanzo wa seli, si toka pale ilipoanzia kutafuta, kwa hiyo hesabu ya D haiguswi: 17 toa 10 toa 1 ni 6, ambayo ni Sahare.

Lililonisumbua zaidi kuliko yote ni mabano mawili kwenye seli moja:

```
Pweza (mbichi) (Tongoni) 9
```

Fomula ya kwanza hapa haitoi kosa lolote. Inaandika "mbichi" kwenye safu ya madiko na kuendelea na safari, na hiyo ni hatari kuliko #VALUE!, kwa sababu #VALUE! inaonekana. Kwenye orodha zangu diko ndilo huandikwa kwenye mabano ya mwisho, kwa hiyo ninachotaka ni bano la kufungua la mwisho. SEARCH haijui kutafuta kutoka nyuma. Dawa ni kulibadilisha bano la mwisho liwe alama ambayo haimo kwenye orodha, halafu kuitafuta alama hiyo:

```
B2: =SEARCH("#",SUBSTITUTE(A2,"(","#",
    LEN(A2)-LEN(SUBSTITUTE(A2,"(",""))))
```

Kile kipande cha LEN kinahesabu mabano ya kufungua: urefu wa seli, toa urefu wake mabano yakiondolewa. Kwa pweza ni 2, kwa hiyo bano la pili ndilo linalogeuka kuwa #, nalo liko nafasi ya 16. Kwa changu ni 1, na jibu linabaki 8 kama mwanzo. C na D hazibadilishwi hata herufi moja, ndiyo faida ya kuzitenganisha.

Seli isiyo na mabano kabisa italeta #VALUE! kwenye safu zote. Watu hukimbilia IFERROR na kuacha seli tupu. Mimi sipendi, maana kilo za mstari ule zitapotea kwenye jumla bila mtu kushtuka. Kama ni lazima kuificha, iandike neno litakaloonekana, na papo hapo uweke TRIM kwa ajili ya wale wanaoandika "( Sahare)". Nafasi tupu moja ya ziada inatosha kuifanya Excel ihesabu Sahare mbili tofauti:

```
D2: =IFERROR(TRIM(MID(A2,B2+1,C2-B2-1)),"ANGALIA")
```

Wenye Excel ya Microsoft 365 wanazo TEXTAFTER na TEXTBEFORE zinazofanya kazi hii kwa ufupi. Lakini faili ikifika kwenye kompyuta yenye Excel ya zamani fomula hizo hazifanyi kazi, na ofisi nyingi ninazopelekea faili bado ziko huko.

Ukishaijua C2, kilo nazo umezipata, kwani ziko baada ya bano la kufunga:

```
E2: =VALUE(TRIM(MID(A2,C2+1,20)))
```

Ile 20 ni ya kujihami tu. Herufi zikiisha kabla yake MID inachukua zilizopo. VALUE ndiyo usiiache. Chochote kinachotoka kwenye MID ni maandishi, hata kikionekana 14. Utakigundua kwa kuwa kimekaa kushoto mwa seli badala ya kulia, na ukijumlisha kilo za Kigombe kwa =SUMIF(D:D,"Kigombe",E:E) utaletewa 0. Na karani akiandika "14 kg", VALUE itakataa. Hapo ondoa "kg" kwanza kwa SUBSTITUTE.