“Viingilio Vimo” Maana Yake Nini? Soma Kabla Hujalipia Safari ya Serengeti

Kila unapokaribia msimu wa nyumbu, malalamiko yanayotufikia hufanana: mteja alilinganisha bei mbili, akachukua ya chini, kisha akadaiwa fedha zaidi getini. Mara nyingi karatasi ya bei ilisema tu “viingilio vimo”. Vya nani, na vya siku ngapi, haikusema.

Tuchukue mama wa Arusha na mwanawe anayeishi Marekani na kubeba pasipoti ya huko. Wanakwenda Serengeti mwezi Julai, usiku mbili, wakipitia Ngorongoro kwenda na kurudi. Kupita Ngorongoro nako hulipiwa, tena mara mbili, hata kama hamtashuka kreta. Mama, kwa kiwango cha raia pamoja na VAT, atalipa shilingi 11,800 kila mara anapopita, na 11,800 kwa kila saa 24 ndani ya Serengeti. Jumla ni shilingi 47,200. Mwanawe atalipa dola 70.80 mara mbili Ngorongoro na dola 82.60 mara mbili Serengeti, yaani dola 306.80. Kuzaliwa Moshi hakubadilishi hesabu hiyo, na kuzungumza Kiswahili fasaha na askari wa getini hakusaidii. Kinachoangaliwa ni uraia.

Kwa hiyo kampuni inayomjazia raia sifa za “viingilio vimo” inampunguzia kidogo sana. Gharama yake kubwa iko kwenye gari, mafuta na kitanda. Kwa mwanawe, maneno hayo ndiyo bei yenyewe. Wakiongeza kreta, kuna ada ya kushuka ambayo hutozwa kwa gari, si kwa mtu: dola 295 kwa gari la wageni kutoka nje. Ulizeni imegawanywa kwa watu wangapi.

Halafu kuna saa. Mkiingia Serengeti kwa geti la Naabi Jumanne saa 8 mchana kwa kibali cha siku mbili, Alhamisi saa 8 mchana muwe mmetoka. Ratiba inayoahidi kuzunguka mpaka jioni inahitaji siku ya tatu iliyolipiwa. Dereva akijaribu kufidia kwa mwendo, kikomo hifadhini ni kilomita 50 kwa saa na faini ipo.

Malipo hayafanywi kwa fedha taslimu getini. Kampuni huandaa ankara kwenye mfumo, hupata namba ya kumbukumbu ya malipo, hulipa benki au kwa simu, kisha hupata stakabadhi. Ombeni nakala yake kabla ya safari. Iangalieni idadi ya watu, kundi la kila mmoja (raia, mkazi au mgeni) na idadi ya siku. Anayekataa kuitoa, muulizeni leseni yake ya utalii. Kuendesha biashara hiyo bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008.

Chakula na usafiri wa kutoka uwanja wa KIA ni rahisi kuulizia: maji na soda vimo? Mnapokelewa uwanjani au mjini Arusha?