Invoisi moja, malipo mara mbili

Wengi wanadhani mfumo ukiwa na onyo la invoisi iliyojirudia basi wako salama, kumbe mifumo mingi inalinganisha namba herufi kwa herufi tu, kwa hiyo ukibadilisha kistari kimoja inaona ni invoisi mpya kabisa.

Nikupe moja niliyoikamata mwenyewe. Sapulaya wa vipuri alituma invoisi kwa imeili, INV-00457 ya tarehe 03/07/2024, shilingi 2,360,000 na VAT ndani. Wiki mbili baadaye dereva wake akaleta karatasi yenyewe, kijana mwingine akaiingiza kama INV/457, na kompyuta yake ilikuwa kwenye mpangilio wa Kimarekani kwa hiyo 3 Julai ikageuka 7 Machi. Namba tofauti, tarehe tofauti, mfumo ukanyamaza, tukalipa zote mbili.

Sasa mi siku hizi siamini namba wala tarehe, naanza na TIN ya sapulaya na kiasi, maana kiasi ndo watu huwa wanakopi vizuri. Afu namba naisafisha kwenye Ekseli. TIN iko A, namba B, tarehe C, kiasi D, na E naweka hii:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(UPPER(B2)," ",""),"-",""),"/",""),"O",""),"0","")
```

Inatoa nafasi, vistari, herufi O na sifuri zote. Ndiyo, sifuri zote, najua ni ukatili, 457 na 4570 zinakuwa kitu kimoja, ila kiasi kinazitenganisha. Kwenye F:

```
=COUNTIFS(A:A,A2,D:D,D2,E:E,E2)
```

Ikitoa 2 au zaidi, toa mafaili uangalie kwa macho.

Afu rudia bila E, yaani TIN na kiasi tu. Hapo utawanasa wale wanaoongeza "A" au nukta mwishoni ili onyo lipotee (wapo, na wengi hawaibi, wanataka tu kumaliza kazi waende nyumbani). Utapata kelele pia, kodi ya pango na intaneti zinajirudia kila mwezi kwa kiasi kilekile, hizo angalia ni za mwezi gani uziache. Kinachoponyoka ni pale mmoja ameingiza 2,360,000 na mwingine 2,000,000 kabla ya VAT, kwa hiyo kwa wanaotoza VAT nagawanya pia kwa 1.18 nione kama zinakutana.

Kuthibitisha, kwa Tanzania angalia risiti ya EFD: ule msimbo wa uhakiki ukiwa mmoja kwenye karatasi zote mbili, hayo ni mauzo yaleyale.

Yule wa vipuri niliomba tu stetimenti ya akaunti yetu kwake, nikakuta 2,360,000 imekaa upande wetu kama kredit tangu Agosti, hakuna aliyesema kitu. Tukaikata kwenye oda iliyofuata.