Dola 2,000 na mzigo wa Busia

"Ati mzigo wa chini ya dola 2,000 unapita mpaka wa Busia, kutoka Uganda kuja Kenya, bila karatasi yoyote?"

Hapana. Hiyo dola 2,000 ni ya utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, inakuondolea ushuru wa forodha kama bidhaa imetoka nchi za Jumuiya na iko kwenye orodha yake, kama maharagwe, lakini cheti rahisi cha uasilia lazima uchukue palepale mpakani na wakaguzi wa mimea wataangalia magunia. Viatu vya Uchina ulivyonunua Uganda havimo.

Halafu kuna reti ya kubadilisha pesa, hapo ndio wageni huumia. Tuseme maharagwe ni shilingi 1,400,000 za Uganda, ulipiga hesabu kwa 28 za Uganda kwa moja ya Kenya ukapata 50,000 za Kenya, ukifika kwa wabadilishaji wanakupa 27, sasa ni kama 51,850. Uliza reti asubuhi hiyo kabla hujakubali bei.