"Hakuna bakteria aliyeonekana": mstari unaowachanganya ndugu wa wagonjwa

Siku hizi dirisha la maabara yetu hapa Kigoma linapokea malalamiko ya namna moja. Ndugu wa mgonjwa anakuja na picha ya karatasi ya majibu ya maji ya mgongo kwenye simu, anaonyesha mstari usemao hakuna bakteria aliyeonekana, halafu anauliza kwa nini mtoto wake bado anachomwa antibayotiki. Wengine wameshahitimisha: homa ya uti wa mgongo ni ya virusi, sindano zinaongezwa tu ili bili ipande. Nimeombwa nieleze jinsi karatasi ile inavyosomwa, na nitatumia mgonjwa wa mfano ili mambo yaonekane.

Chukua mtoto wa miaka minne kutoka upande wa Uvinza. Homa siku ya nne, anatapika, shingo imekaza, amechoka kiasi cha kutomtambua bibi yake. Kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha anayo. Hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika, maana familia husema "tumeshajua ni malaria, mgongo wa nini tena?" Mkoani kwetu mtoto anaweza kuwa na vijidudu vya malaria kwenye damu na wakati huohuo bakteria kwenye uti wa mgongo. Kimoja hakikifuti kingine.

Sindano ya kutoa maji ya mgongo huingizwa kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia, na maji yanayotolewa ni mililita chache. Mwili wa mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita ya maji hayo kwa siku, kwa hiyo hayo ya "kumalizwa maji ya mgongo" naomba tuyaache. Zipo hali ambazo daktari huahirisha: mboni za macho kutolingana, kupoteza fahamu kabisa, kupumua kwa shida, au kidonda pale pa kuchomea. Katika hali hizo antibayotiki huanza kwanza, maji yatafuata.

Maji huingizwa katika chupa tatu, na kila chupa huandikwa jina, namba ya faili na saa ya kuchukuliwa. Saa! Sampuli isiyo na saa tunairudisha, na sampuli isiyo na jina tunaikataa hata kama aliyeileta ni muuguzi mkuu. Najua inaudhi, lakini sababu ipo. Chembe nyeupe aina ya nyutrofili, ambazo ndizo zinazotuelekeza kwa bakteria, hupasuka zikikaa kwenye joto la chumba. Baada ya saa moja karibu theluthi yake inaweza kuwa imepotea, na baada ya saa mbili karibu nusu. Sampuli iliyosahauliwa kwenye trei mpaka mhudumu amalize chai inaweza kumfanya mgonjwa wa bakteria aonekane kama wa virusi. Na sampuli ya kuotesha bakteria haiwekwi kwenye friji, baridi huwaua wadudu tunaowatafuta.

Sasa majibu ya mtoto wetu. Maji yalikuwa na ukungu kidogo, kama maji ya mwisho ya kuosha mchele. Chembe nyeupe 420 kwa kila mikrolita, wakati kwa mtoto wa umri huo tunategemea zisizidi tano. Kati ya hizo, asilimia 70 nyutrofili. Protini gramu 1.6 kwa lita, na kawaida haifiki hata nusu gramu. Sukari milimoli 1.5 kwa lita. Kwenye darubini, baada ya kupaka rangi iitwayo Gramu, inayofanya bakteria waonekane, hakuna bakteria aliyeonekana.

Mjomba wake alikuwa amesoma mahali kwamba bakteria huleta chembe elfu na zaidi, virusi huleta mamia. "Daktari, 420 si mamia?" akaniuliza. Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, lakini nilimjibu kwamba hesabu yake ni sahihi na uamuzi wake si sahihi. Idadi ya chembe peke yake haiamui, kwa sababu makundi hayo mawili yanaingiliana. Hata aina ya chembe inaweza kudanganya: siku ya kwanza au ya pili, virusi navyo huweza kuleta nyutrofili nyingi kabla chembe nyeupe za aina nyingine, limfosaiti, hazijashika nafasi.

Mstari wa kuuangalia ni wa sukari, na hausomwi peke yake. Husomwa pamoja na sukari ya damu iliyochukuliwa wakati uleule. Kawaida sukari ya maji ya mgongo ni kama theluthi mbili ya ile ya damu. Damu ya mtoto huyu ilikuwa na milimoli 6.0. Gawanya 1.5 kwa 6.0, unapata 0.25, yaani robo tu. Ikishuka chini ya 0.4, tunaelekea kwa bakteria. Virusi kwa kawaida huiacha sukari ilivyo.

Hapa pana mtego ambao hata watumishi wenzetu hunaswa. Mtoto wa malaria kali mara nyingi huwekewa dripu ya sukari. Sukari ya damu hupanda mara moja, ya mgongo huchelewa kwa saa kadhaa. Ukipima damu baada ya dripu, mgawanyo utatoka mdogo kwa uongo. Ndiyo maana tunasisitiza damu ichukuliwe kabla ya dripu, kama ilivyofanyika kwa mtoto huyu.

Basi bakteria wako wapi? Bibi ndiye aliyetujibu, tena baada ya kuulizwa mara ya tatu. "Nilimpa zile kapsuli za rangi mbili, namfungulia kwenye uji. Siku tatu." Amoksilini, ya duka la dawa, bila cheti. Dozi ile haikutosha kumponya, ila inaweza kuwapunguza bakteria kiasi cha kutoonekana. Wakiwa chini ya elfu moja kwa mililita, darubini huwakosa mara nyingi. Kuotesha nako kunaathirika: antibayotiki ikitolewa kwa sindano ya mshipa, bakteria aitwaye meningokokasi anaweza kutoota tena ndani ya saa mbili. Protini na chembe hazirudi kawaida upesi hivyo. Kwa hiyo "hakuna aliyeonekana" maana yake ni hilo hilo tu, hatukumwona. Na tafadhali, mkiulizwa dawa mlizompa mgonjwa, semeni. Hatuulizi ili tuwashitaki.

Linganisheni na mtoto mwingine: chembe 90, karibu zote limfosaiti, protini gramu 0.5, sukari 3.8 kwa damu ya 5.6, mgawanyo karibu 0.68. Huyo ni wa virusi kwa kila dalili, ingawa daktari anaweza kuendelea na antibayotiki siku mbili tatu akisubiri majibu ya kuotesha. Na endapo limfosaiti ndizo nyingi lakini sukari imeshuka, hapo hatusemi virusi. Tunatafuta kifua kikuu, na kwa mwenye VVU tunatafuta pia fangasi aina ya kriptokokasi.

Mtoto wa Uvinza alitibiwa kama mgonjwa wa bakteria, antibayotiki ya seftriaksoni siku kumi, pamoja na dawa ya malaria. Maji yalipooteshwa hayakuotesha kitu, na mjomba alirudi dirishani na karatasi hiyo pia. Nilimwonyesha tena ile 0.25. Aliandika hesabu kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki, akagawanya mwenyewe, akanyamaza, kisha akauliza kipimo cha masikio kinafanyika chumba gani, maana daktari alikuwa amewaambia kwamba homa ya bakteria huweza kuacha mtoto hasikii vizuri.