Meseji ya bethdei isimfikie mteja akiwa ameshasuka

Nina saluni hapa Ngamiani, Tanga, na mwanzoni meseji za bethdei nilikuwa natuma siku yenyewe asubuhi, najiona mjanja kweli. Majibu sasa: "Asante dada, ila nimeshasuka juzi." Kasuka wapi? Kwa jirani! Mtu mwenye shughuli yake anatengeneza kichwa siku mbili tatu kabla, na akishasuka rasta ndo basi tena, utamuona baada ya mwezi au zaidi.

Siku hizi natuma siku saba kabla, na zawadi inadumu mpaka wiki mbili baada ya bethdei ili hata asiye na hela wiki hiyo asikose. Tarehe naiuliza mteja akiwa chini ya draya, siku na mwezi tu, mwaka siulizi maana hapo ndo watu wananuna.

Kuhusu zawadi, jamani acheni kupunguza bei ya kusuka. Chukulia rasta ni 30,000 na msusi wako anachukua nusu. Ukipunguza 6,000 msusi hakubali kukatwa, kwahiyo inatoka kwenye 15,000 yako, unabaki na 9,000 na hapo hujalipa umeme. Mimi natoa stimingi ya bure kwa anayekuja kusuka au kuseti, dawa ninayochota haizidi 2,000, ila kwenye ubao bei yake ni 8,000 na mteja anaiona hiyo 8,000.

Meseji yenyewe fupi: "Habari dada (jina), bethdei yako tarehe 14 tumeikumbuka. Ukija kusuka au kuseti, stimingi ni zawadi yetu mpaka tarehe 28. Niambie siku nikuwekee nafasi." Hiyo sentensi ya mwisho usiiache, ndo inayomfanya ajibu. Kama unatumia sms ya kawaida usiweke vile vikatuni, bila hivyo sms moja inabeba herufi 160, ukiweka hata kimoja inashuka mpaka 70 na unakatwa sms mbili au tatu. Na kule watsapu ukituma kwa brodikasti haimfiki ambaye hajasevu namba yako, wa hivyo mtumie mmoja mmoja.

Anivesari za ndoa niliziacha. Nilimtumia mama mmoja hongera ya ndoa kumbe ana miezi mitatu tangu apewe talaka, aliposoma alinipigia simu, nilitamani ardhi inimeze. Sasa naadhimisha siku aliyokuja saluni kwangu mara ya kwanza, "leo mwaka mmoja tangu utuamini na kichwa chako", zawadi kupaka rangi kucha, na hiyo tarehe ninayo kwenye daftari wala simuulizi mtu.

Kwenye daftari hilohilo kila anayekuja na zawadi namwandikia Z na hela aliyolipa. Nikiona wanaokuja na Z ni walewale wa kila wiki, najua natoa stimingi bure kwa watu ambao wangekuja tu, kwahiyo kwanza nawatumia wale ambao wamepotea miezi miwili.