Pombe huleta usingizi, lakini haiulindi

"Nikinywa glasi tatu nalala fofofo mpaka asubuhi."

Kupitiwa haraka ni kweli, maana pombe hupunguza kasi ya ubongo. Shida huanza inapoisha. Tuseme umemaliza glasi tatu za mvinyo saa 4 usiku. Ini huhitaji takriban saa moja, pengine zaidi, kuondoa kila glasi. Kufikia saa 8 au 9 pombe imekwisha, na ubongo uliokuwa umetulizwa kwa nguvu unachangamka kupita kiasi: moyo unaenda mbio, jasho linakutoka, unazinduka mara kadhaa, nyingine hata huzikumbuki. Usingizi wa ndoto, uliobanwa mwanzoni mwa usiku, nao unakatwakatwa. Saa 10 alfajiri uko macho, umechoka, na kibofu kinadai haki yake.