Uislamu wa pwani: msikiti ulitangulia jumba la sultani

Katika kusahihisha majibu ya historia, kosa ninalolikuta mara nyingi ni kwamba Uislamu ulienea pwani ya Afrika Mashariki kwa sababu Waarabu waliiteka. Hakuna jeshi la kigeni lililoiteka pwani hii katika karne ambazo dini ilikuwa ikiingia, kwa hiyo mwanafunzi na aanze na upepo.

Kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, ilivileta vyombo kutoka Arabuni na Ghuba, na kusi ikavirudisha. Mfanyabiashara aliyesubiri upepo ugeuke alikaa miezi mijini, akawa mgeni wa mwenyeji wake, pengine akaoa humo, na kila siku alihitaji mahali pa kuswali. Mwenyeji aliyesilimu naye alishirikiana na wageni hao sheria moja ya mikataba, madeni na mirathi, jambo zito kwa mtu anayekopesha mali inayovuka bahari.

Ushahidi wake umefukuliwa Shanga, katika kisiwa cha Pate, ambako chini ya msikiti wa mawe wanaakiolojia walikuta alama za mashimo ya nguzo za misikiti midogo ya miti, ya zamani zaidi ikiwa ya karne ya 8. Jengo dogo kama hilo lilitosha waumini wachache tu, nami naliona kuwa ushahidi mzuri kuliko masimulizi yote ya wafalme kutoka Shirazi, ambayo yaliandikwa baadaye sana.

Watawala waliikuza dini iliyokwisha kuota mizizi. Huko Kilwa, iliyotajirika kwa dhahabu ya Sofala, sarafu za shaba zilibeba jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, yakiwa na vina vinavyolingana, hata mnunuzi sokoni akashika mkononi dai la mtawala kuwa Mwislamu. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman akitenga fungu la masharifu, ambao walimjia kutoka Iraki na Hijazi. Fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akampa. Ukarimu wa namna hiyo uliwavuta wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani hadi leo.

Bara ilisubiri misafara ya karne ya 19, iliyopita Tabora na Ujiji. Kule Buganda, Kabaka Mutesa wa Kwanza alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867, lakini hakukubali kutahiriwa, na mwaka 1876 aliwaua vijana wa jumba lake waliokataa kuswali nyuma yake.